Barua ya malalamiko: naomba nioneshwe hesabu ya kamisheni yangu ya Agosti

Wakala wa mauzo, Nyanda za Juu Kusini,
Mbeya.
23 Septemba 2024.

Meneja wa Mauzo,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: KUPUNJWA KAMISHENI YA MWEZI AGOSTI 2024 NA OMBI LA MCHANGANUO WA MAUZO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tarehe 13 mwezi huu nilipokea shilingi 1,240,947 kwenye akaunti yangu ya benki, zikiwa na maelezo ya maneno mawili tu: kamisheni Agosti. Hapakuwa na karatasi yoyote inayoonesha fedha hiyo imetokana na ankara zipi. Kwa rekodi zangu nilistahili kupata shilingi 1,995,000 baada ya kodi. Nilipopiga simu ofisi ya uhasibu nilijibiwa kwamba mfumo ndio umetoa hivyo. Jibu hilo silikubali, kwa sababu mfumo hutoa kile ulicholishwa, na mimi ninachouliza ni kile kilicholishwa.

Mkataba wetu uko wazi. Nalipwa asilimia 3 ya bei ya mabati kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kila mteja niliyemleta, mara tu mteja anapomaliza kulipa. Kampuni inakata kodi ya zuio asilimia 5, kinachobaki ni changu. Mwezi Agosti wateja wangu wanne walichukua mzigo na wote walilipa kabla ya mwezi kwisha. Duka la Mbalizi lilinunua kwa shilingi 23,600,000, la Tukuyu 17,700,000, la Makambako 11,800,000 na la Vwawa 29,500,000. Jumla ni 82,600,000, VAT ikiwemo. Ukiitoa VAT inabaki 70,000,000, na asilimia 3 yake ni 2,100,000. Toa kodi ya zuio 105,000, unapata hiyo 1,995,000 ninayoidai.

Kwa kuwa sikupewa mchanganuo, nililazimika kukaa na risiti zangu na kutafuta mwenyewe 1,240,947 imetoka wapi. Nimepata njia moja tu inayoifikia bila kupungua wala kuzidi shilingi, nayo inaonesha makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kwamba ankara ya Vwawa haimo kabisa. Mteja huyu nilimpata mimi na profoma yake niliiandaa mimi: mabati 1,000 ya msauzi geji 30, kwa shilingi 29,500 kila moja pamoja na VAT. Namba yangu ya uwakala imo kwenye profoma hiyo. Ila hakutaka kusubiri gari la kampuni, kwa kuwa wakulima wa Mbozi walikuwa wameshauza mazao na mafundi wake walikuwa wanamsumbua. Akatuma lori lake mwenyewe kuchukua mzigo kwenye ghala letu la Mbeya. Pale ghalani ikatolewa ankara mpya badala ya kuendeleza ile profoma. Nakala yake ninayo. Jina la duka ni lile lile, idadi ya mabati ni ile ile, bei ni ile ile, lakini pale panapoandikwa namba ya wakala pamewekwa kistari. Ankara za Mbalizi, Tukuyu na Makambako zina namba yangu mahali hapo hapo. Ndiyo maana naamini mauzo ya Vwawa yamehesabiwa kama ya mteja aliyejiendea mwenyewe ghalani, na kamisheni yake ikapotea kwa kistari kimoja. Mkataba hausemi popote kwamba mteja akitumia gari lake anaacha kuwa mteja wa wakala aliyemleta.

Kosa la pili ni dogo kwa fedha lakini linanisumbua zaidi, maana huenda linawagusa mawakala wote. Mhasibu ameitoa VAT kwa kupunguza asilimia 18 kwenye bei ambayo tayari ina VAT ndani yake. Hiyo siyo njia. Asilimia 18 huongezwa juu ya bei ya awali, kwa hiyo ukitaka kurudi kwenye bei ya awali unagawanya kwa 1.18. Chukulieni mauzo ya Mbalizi: 23,600,000 ukigawa kwa 1.18 unapata 20,000,000. Ukipunguza asilimia 18 unapata 19,352,000, na 648,000 zinakuwa zimeyeyuka kwenye mauzo ambayo mimi nalipwa kwayo. Wala hamhitaji kuamini hesabu yangu. Risiti ya EFD iliyotoka kwenye mashine ya kampuni yenyewe inaonesha kiasi kabla ya kodi ni 20,000,000 na kodi ni 3,600,000. Kampuni haiwezi kutumia hesabu moja inapopeleka kodi TRA na nyingine inapomlipa wakala.

Ankara tatu zilizobaki zina jumla ya 53,100,000. Ukizipunguza asilimia 18 zinabaki 43,542,000, asilimia 3 yake ni 1,306,260, na ukikata kodi ya zuio unafika 1,240,947 kamili. Upungufu wote ni shilingi 754,053. Kati ya hizo, 712,500 ni za Vwawa na 41,553 ni za VAT iliyotolewa vibaya.

Inawezekana ninyi mna sababu nyingine ambayo mimi siioni. Kama kuna mabati yaliyorudishwa, nioneshwe hati ya marejesho yenye namba ya ankara husika. Ninachokijua ni kwamba Tukuyu kulikuwa na mabati yaliyochubuka njiani na yakabadilishwa kwa mengine, mteja hakurudishiwa fedha, hivyo mauzo yale hayakupungua.

Ninaomba nipewe taarifa ya mauzo yangu ya Agosti, ankara moja moja, ikionesha namba na tarehe ya ankara, kiasi kabla ya VAT kama kilivyo kwenye risiti ya EFD, tarehe ambayo malipo ya mteja yaliingia benki, makato yoyote na sababu yake, kisha kamisheni. Naomba pia cheti cha kodi ya zuio mliyonikata, kwa kuwa fedha hiyo imepelekwa TRA kwa jina langu na bila cheti siwezi kuithibitisha. Kama mtasema taarifa za wateja ni siri, niwakumbushe kwamba hawa ni watu ninaowatembelea madukani kila mwezi na oda zao zimepita mikononi mwangu.

Kuhusu Vwawa, naomba ankara irekebishwe ibebe namba yangu sasa hivi. Mteja ameshaniambia atachukua mzigo mwingine kabla ya mvua za Novemba, na lori litakuwa lake tena. Kama ghala halitaelekezwa kuuliza profoma kabla ya kutoa ankara, tutarudi hapa hapa.

Nauli za kuzunguka wilaya hizi, muda wa maongezi na malazi ninapolala Makambako natoa mfukoni mwangu. Kamisheni ndiyo inayorudisha gharama hizo na kulisha nyumba yangu. Sina mshahara wa kuegemea.

Nategemea mchanganuo huo kwa maandishi ifikapo Ijumaa tarehe 4 Oktoba, na salio lilipwe pamoja na kamisheni ya Septemba. Niko tayari kuja na risiti zangu kukaa na mhasibu, hapa Mbeya au huko makao makuu. Hadi hapo sitasaini fomu ya kukiri kwamba nimelipwa kamisheni yote ya Agosti. Nimeambatanisha nakala za profoma ya Vwawa, ankara zote nne, risiti za EFD na taarifa yangu ya benki.

Wenu katika kazi,

Wakala wa mauzo, Mbeya.