Mdogo wangu, leo usimpigie shangazi

Mdogo wangu,

Umeniuliza tangu jana: umpigie shangazi, umtumie voisi, au umwandikie? Uko Dar, na mumewe anazikwa leo Ujiji baada ya swala ya adhuhuri, huwezi kuwahi. Nakuomba leo uandike tu.

Siku tuliyomzika baba nilikaa ubavuni mwa mama. Simu ililia tangu alfajiri, na kila aliyepiga akishatoa pole aliuliza, "Kwani aliumwa nini?" Mama anaanza upya: homa ya Jumatatu, chakula kumshinda, ule usiku wa mwisho. Kufika saa nne sauti ilikuwa imemkauka, nikaichukua simu nikakaa nayo mimi. Wote walipiga kwa mapenzi, najua, lakini kila mmoja alimrudisha kitandani kwa baba.

Voisi nayo ilituumiza. Ndugu mmoja alituma ya dakika tatu, analia mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyeshika simu akaibonyeza, ikatoka kwa spika katikati ya kina mama waliokuwa mkekani wanasoma Yasini. Kilio kikaanza upya nyumba nzima. Yule ndugu huko aliko aliona kimaiki kimegeuka bluu, akaamini mama amemsikia faragha. Kimaiki kinakuonyesha kuwa imesikilizwa, hakikuonyeshi ni nani aliyesikiliza, wala mbele ya nani.

Tena shangazi anatumia kitochi. Voisi itaishia kwenye simu ya binti yake, na binti leo yuko jikoni na masufuria ya watu. Kwa hiyo tuma meseji ya kawaida, fupi, kwa namba ya shangazi mwenyewe. Jitambulishe, maana atakayeisoma huenda ni jirani:

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana shangazi. Allah amrehemu mzee wetu. Ni mimi, kitinda mimba wa kaka yako wa Tabora. Usihangaike kujibu."

Hayo maneno ya mwisho usiyasahau. Mama alikuwa anajilazimisha kumjibu kila mtu. Ubani wako mpe anayekusanya michango, usiurushe kwenye simu ya mfiwa.

Kupiga, piga tanga likishaanuliwa. Siku tatu nyumba imejaa, ya nne mikeka inakunjwa na wageni wanapanda magari. Shangazi atabaki kwenye eda, miezi minne na siku kumi tangu mumewe alipofariki, na hapo ndipo simu yako itakuwa mgeni wake. Mpigie baada ya alasiri. Habari za ugonjwa usiziulize. Mkumbushe mzee alivyokuwa anakushika mkono mwaloni, mkichagua migebuka, akikuachia wewe useme ipi. Akinyamaza usikate, wala usiharakishe kusema "basi shangazi, nitakupigia". Weka vocha ya kutosha kabla hujapiga.