Barua ya wazi kwa mpwa wangu: chumvi hupunguzwa, tumbaku huachwa

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya hotuba utakayoitoa siku ya afya ya jamii, na nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi kwa sababu jambo ninalotaka kukueleza linawahusu wengi wanaoombwa kuzungumza mbele ya watu kuhusu maradhi ya moyo na kiharusi. Hotuba yako inaeleweka na imeandikwa kwa nia njema. Hata hivyo, ipo sehemu moja ninayokusihi uibadilishe, nayo ni pale unapowahimiza wasikilizaji wapunguze chumvi na tumbaku, kana kwamba vitu hivyo viwili huudhuru mwili kwa njia moja na madhara yake hushuka kwa kipimo kimoja. Kwa miaka niliyofanya kazi ya uuguzi nimewaona wagonjwa wengi waliopunguza sigara wakaamini kwamba wamekwisha kujiokoa, na wengine walioiondoa chumvi yote kwenye chakula kwa siku moja, wakashindwa kula, kisha wakarudia mazoea yao ya zamani kabla ya wiki kwisha.

Anza na chumvi. Mwili unaihitaji sodiamu iliyomo ndani yake, lakini kwa kiasi kidogo sana. Tunapokula chumvi nyingi, figo hulazimika kuzuia maji ili chumvi isikolee mno katika damu, ujazo wa damu huongezeka, na damu hiyo husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, ateri hukakamaa, misuli ya moyo hunenepa kwa kufanya kazi kupita kiasi, na vijishipa vyembamba vya ubongo huziba au hupasuka, na hapo ndipo kiharusi kinapotokea. Katika muda huo wote mwenye presha anaweza asihisi chochote. Jambo hili walieleze vizuri, kwa maana watu wengi husubiri kuumwa kichwa ndipo wakapime.

Habari njema ni kwamba kwa chumvi, kila gramu inayopungua ina faida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ilhali wastani wa dunia ni zaidi ya gramu 10. Anayepunguza gramu 4 au 5 kwa siku na kuendelea hivyo kwa mwezi au zaidi hushusha namba ya juu ya presha yake kwa wastani wa vipimo 5 hivi ikiwa tayari ana ugonjwa wa presha, na vipimo 2 hivi ikiwa hana. Kwa mtu mmoja kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa jamii nzima kinazuia viharusi vingi.

Tatizo la kuwaambia watu gramu 5 ni kwamba hakuna anayepima chumvi kwa mizani jikoni, na anayepika sufuria moja kwa ajili ya watu kadhaa hawezi kujua kila mmoja amekula kiasi gani. Kwa hiyo ninakushauri uiache habari ya kijiko na uwafundishe kuhesabu kwa pakiti. Chukua familia ya watu watano inayotumia pakiti ya nusu kilo. Siku ya kuifungua, mpishi aandike tarehe juu yake kwa kalamu, na siku itakapokwisha ahesabu siku zilizopita. Tuseme zimepita siku 10. Gramu 500 ukizigawa kwa siku 10 unapata gramu 50 kwa siku, na ukizigawa kwa watu watano unapata gramu 10 kwa kila mtu, mara mbili ya kikomo, na watoto, ambao wanahitaji pungufu ya hapo, wamehesabiwa sawa na wakubwa. Ili familia hiyo ifike gramu 5, pakiti ileile inapaswa kudumu siku 20.

Wasiruke kutoka siku 10 hadi 20 mara moja. Ulimi hujizoesha, lakini unahitaji wiki kadhaa. Pakiti ya pili idumu siku 12, ya tatu siku 14, ya nne siku 16, na kuendelea hivyo, na kwa mwendo huo wengi wa walaji hawatatambua kwamba kuna kilichobadilika. Mpishi aonje chakula kabla ya kuongeza chumvi, na kichupa cha chumvi kiondoke mezani, kwa kuwa chumvi inayonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva hunyunyizwa kwa mazoea kabla hata ya kuonja.

Hesabu hii ina mipaka yake, nawe uitaje ili usije ukapingwa na mtu makini. Chumvi iliyomwagwa pamoja na maji ya kuchemshia haikuliwa, na wageni wakija siku za pakiti hupungua. Kubwa zaidi ni kwamba pakiti haionyeshi chumvi iliyoingia nyumbani ikiwa imejificha ndani ya mkate, nyama za kusindikwa, michuzi ya chupa na vidonge vya kukolezea mchuzi, ambavyo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa chumvi. Nyumba inayotumia vidonge hivyo kila siku haijafika gramu 5 hata pakiti yake ikidumu siku 20. Hapo wafundishe kusoma lebo: mara nyingi huandikwa sodiamu badala ya chumvi, nayo huzidishwa kwa 2.5. Lebo inayosema miligramu 800 za sodiamu katika gramu 100 ina maana ya miligramu 2,000 za chumvi, yaani gramu 2, na huo ni mzigo mkubwa kwa chakula kinacholiwa kila siku.

Utaulizwa kama chumvi ya bahari au ile ya rangi ya waridi ni salama zaidi. Jibu ni hapana, kwa kuwa zote ni sodiamu ileile. Kuna chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu, nayo ilijaribiwa huko China katika vijiji 600 na kwa watu karibu 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na presha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Na anayemeza dawa za presha asiziache kwa kuwa tu amepunguza chumvi.

Sasa njoo kwenye tumbaku, ambako hesabu inageuka kabisa. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku akishuka hadi 1 hudhani kwamba amebakiwa na sehemu moja ya ishirini ya hatari. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari la Uingereza ulionyesha kwamba kwa maradhi ya moyo na kiharusi, sigara 1 kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada aliyo nayo mvutaji wa sigara 20. Ninakuomba uisome sentensi hiyo polepole mbele ya watu, kisha unyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

Sababu yake ni kwamba mishipa ya damu hudhurika kwa moshi mchache sana. Moshi huharibu utando laini unaofunika mishipa kwa ndani, hufanya chembe za kugandisha damu zishikamane kwa urahisi, na monoksidi ya kaboni iliyomo ndani yake huchukua nafasi ya oksijeni katika damu wakati huohuo ambapo nikotini inauamuru moyo upige kwa kasi. Bonge dogo la damu linatosha kuziba ateri ya moyo au ya ubongo, wala halihitaji pakiti nzima ya sigara ili liumbike. Aidha, anayepunguza idadi mara nyingi huvuta kila sigara kwa kina zaidi ili apate nikotini aliyoizoea, bila yeye mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyohiyo ya moshi mchache, asiyevuta lakini anaishi na mvutaji naye hatari yake ya maradhi ya moyo huongezeka kwa robo hivi. Watumiaji wa ugoro na tumbaku ya kutafuna wasijione wako salama pia, kwa kuwa nikotini hupandisha presha iwe imeingia kwa moshi au kwa ufizi.

Kwa hiyo mvutaji achague tarehe ya kuacha kabisa. Mweleze ukweli kwamba siku 2 au 3 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kwamba hamu humjia kwa dakika chache kisha hupita, na kwamba hasira na usingizi mbovu hupungua katika wiki chache. Bazoka au plasta za nikotini humwongezea uwezekano wa kufaulu, mradi azitumie kwa kipimo cha kutosha. Akiteleza, achague tarehe nyingine. Malipo yake huja upesi: baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya maradhi ya moyo huwa imeshuka kwa nusu hivi.

Mwisho, meza ya kupimia presha. Vipimo vya siku kama hiyo mara nyingi huwa vibaya kwa sababu watu hupimwa wakiwa wametoka kusimama kwenye foleni. Panga viti vyenye egemeo, na kila mtu apumzike dakika 5 bila kuzungumza, nyayo zikiwa chini na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Aliyevuta sigara au kunywa kahawa asubiri nusu saa. Mkanda ufungwe kwenye mkono usiofunikwa na nguo, na kila mtu apimwe mara mbili. Anayepata 140/90 au zaidi apewe karatasi ya kurudia kipimo kituoni siku nyingine, kwa kuwa siku moja haitoshi kumwita mgonjwa. Anayepata 180/120 au zaidi apumzike na kupimwa tena, na ikibaki hivyo aonwe na daktari siku hiyohiyo. Lakini ikiwa ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yanatoka vibaya, apelekwe hospitali papo hapo hata kama presha yake ni ya chini ya hapo. Anayemsindikiza aandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kianze, na daktari atakapomuuliza, saa hiyo ndiyo atakayoitumia kuamua.

Ni mimi mjomba wako.