Barua kwa vijana wenye leseni na mikono mitupu: daftari kwanza, saini baadaye

Wanangu wa kijiwe cha Tabata,

Marahaba. Jumapili mlinisimamisha pale kwa mama ntilie, mmoja wenu akaniuliza mbele ya wenzake: "Babu, leseni ninayo, chombo sina. Nifundishe watu udereva, nimwendeshee mtu gari lake, au nichukue pikipiki ya mkataba nisambaze mizigo?" Nikasema nitaandika, maana swali lenyewe limejaa hesabu, na hesabu haijibiwi kwa mdomo huku chai inapoa.

Kabla ya yote, toeni leseni mtazame madaraja. Wawili kati yenu mna D peke yake, na siku nzima mlikuwa mnabishana bei ya Boksa. D ni ya gari dogo la binafsi, si la biashara. Pikipiki ni A, bajaji ni A2, na abiria wa kulipa wanataka C na wadogo zake. Teksi ya abiria wasiozidi wanne ni C3. Kosa hapa haliishii kwenye faini ya trafiki. Ukimgonga mtu huku daraja lako haliruhusu chombo ulichopanda, kampuni ya bima ina mlango wa kukataa kulipa, na deni linageuka kuwa lako. Mwenye D anayetaka pikipiki akasomee, afanyiwe mtihani na polisi, daraja liongezwe TRA, ndipo tuzungumze.

Ualimu nitaupitia haraka. Shule ya udereva ina usajili, ina gari lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na inataka mwalimu mwenye cheti na miaka barabarani. Nyie leseni zenu bado zinanuka plastiki. Na ule ujanja wa kumfundisha jirani kwa gari lake binafsi, Jumamosi, uwanja wa mpira, mkilipana kienyeji, nauogopa: namba ya njano na bima ya matumizi binafsi hazikukusudiwa kwa biashara, na mkanyagio wa breki uko miguuni kwa anayejifunza, wewe umeshika mlango. Uacheni kwa sasa.

Zinabaki mbili, kuajiriwa na kuchukua mkataba. Nitazisema kupitia mwenzenu wa Buza, ambaye ameniruhusu kutumia daftari lake ila si jina lake. Yeye ana A na E, ile inayoruhusu gari la biashara lisilo kubwa wala la abiria. Mfanyabiashara wa Kariakoo alitaka kumpa kirikuu apeleke mizigo kutoka dukani hadi kwa wateja, mshahara 300,000 kwa mwezi. Wakati huohuo tajiri mmoja alimpa ofa ya Boksa mpya ya mkataba: 10,000 kwa siku, miezi 15, ukimaliza ni yako. Moyo wake ulikuwa umeshakwenda kwenye pikipiki. Nilimwomba kitu kimoja tu, aazime pikipiki ya rafiki kama deiwaka kwa siku 12 za kazi, na kila jioni aandike kila shilingi, akijikata elfu kumi kana kwamba mkataba umeanza.

Siku nzuri alipata oda 12, akashika 42,000. Petroli lita tatu, akaihesabu 3,000 kwa lita: 9,000. Hesabu ya tajiri 10,000. Chakula na bando 6,000. Halafu 2,500 aliyoiweka pembeni kwa oili, matairi, mnyororo na pedi za breki, ambayo mwanzoni alinibishia kwamba hiyo si gharama kwa sababu hakuitoa siku ile. Nikamwambia tairi halikuulizi siku. Akabaki na 14,500.

Siku ya katikati, oda 9, alibaki na 6,000. Siku mbaya, oda 6, alishika 21,000. Akatoa petroli 6,000, hesabu 10,000, chakula na bando 6,000 na uchakavu 1,500, akawa amefanya kazi tangu asubuhi ili adaiwe 2,500. Katika zile siku 12, nzuri zilikuwa tano, za katikati nne, mbaya tatu. Jumla iliyobaki mfukoni ni 89,000. Ukiivuta kwa mwezi wa siku 26 inakaribia 193,000.

Sasa kirikuu. Mshahara 300,000, toa chakula na bando kwa kipimo kilekile, 156,000, toa nauli ya daladala 1,200 kwa siku, inabaki karibu 113,000. Kwa hiyo pikipiki inamzidi mshahara kwa kama 80,000 kwa mwezi, na mwisho wake kuna chombo. Mnaona? Sikumwambia mkataba ni mbaya. Lakini hizo 80,000 pamoja na ahadi ya chombo ndiyo bei anayolipwa kwa kubeba hatari. Kirikuu kikifa injini Jumanne, Jumatano ni shida ya mwenye duka na mshahara unahesabika. Boksa ikifa Jumanne, elfu kumi ya Jumatano bado inadaiwa. Kwa hiyo swali linahamia kwenye karatasi: mkataba unasema nani anabeba nini?

Akaniletea karatasi. Ilikuwa nusu ukurasa, na neno la kwanza lililonisimamisha lilikuwa "kila siku". Miezi 15 ni wiki 65. Kwa siku sita za wiki analipa mara 390, yaani 3,900,000. Kwa siku saba analipa mara 455, yaani 4,550,000. Boksa yenyewe dukani aliulizia akaambiwa 3,100,000. Neno moja limebeba 650,000, na hakuna aliyemdanganya, alikuwa hajalipigia hesabu tu. Mkataba unaosema idadi ya malipo, tuseme 390, ni salama kuliko unaosema miezi, kwa sababu siku ya ugonjwa au ya mafuriko unaisogeza mbele badala ya kuikopa. Nyie mnajua masika Jangwani inavyofungwa, na oda za Magomeni na Kimara zinavyokufa siku hiyo. Karatasi yake haikuwa na neno lolote kuhusu hilo.

La pili lilikuwa bima. Tajiri alikuwa amekata bima ndogo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, pikipiki yenyewe hailipi hata kioo. Ikiibwa mwezi wa kumi na tatu mbele ya ghorofa la Kariakoo wakati umepanda kupeleka mzigo, karatasi ilisema "dereva atawajibika". Maana yake atakuwa amelipa zaidi ya milioni tatu na bado anadaiwa pikipiki nzima. Hapo nilimwambia aombe moja kati ya mawili: bima kubwa, hata kama hesabu itapanda kidogo, au kifungu kwamba ikiibwa na polisi wakathibitisha taarifa, deni linaishia kwenye kilichobaki tu. Stika ya bima asiisome kwa macho peke yake. Aingize namba ya chombo tiramis.tira.go.tz aone kama ni hai. Na faini za nyuma za chombo aziangalie tms.tpf.go.tz kabla hajakabidhiwa, hasa kama chombo si kipya.

La tatu ni kadi, na hapa mniruhusu niseme langu. Mwaka 1998 nilichukua pikapu ya mtu kwa makubaliano ya mdomo, nilipe hadi itimie kisha iwe yangu. Nililipa miezi 11 bila kuruka. Yule bwana akafariki, ndipo nikajua kadi haikuwa hata na jina lake, ilikuwa ya kaka yake, na kaka mtu hakunifahamu. Walikuja watatu asubuhi, wakachukua funguo kwa heshima kabisa. Sikuwa na risiti hata moja. Tangu hapo sikubali chombo bila kuiona kadi halisi, jina lake lilingane na kitambulisho cha anayesaini, na mkataba upite serikali ya mtaa au kwa wakili na mashahidi wa pande zote mbili. Malipo yapite kwenye simu, yaache ujumbe. Tajiri anayetaka noti mkononi kila jioni, mpe, lakini asaini kwenye daftari lako.

Nimalizie na mizigo yenyewe, maana daftari la kijana lilionyesha jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitegemea. Siku zake mbaya mbili kati ya tatu zilikuwa na oda kubwa. Oda ya Kariakoo hadi Tegeta ilimlipa 8,000, akafurahi. Kisha akarudi mtupu kilomita zaidi ya ishirini, foleni ya Mwenge, na muda ule wenzake walishapeleka mizigo mitatu Upanga, Ilala na Magomeni kwa 3,000 kila mmoja. Sasa oda ya mbali anaichukua tu ikiwa amepata mzigo wa pili njia hiyohiyo, au jioni akiwa anaelekea huko kwa shughuli zake. Aliyeko kwenye programu za simu hana uhuru huo wote, na kuna kamisheni inayokatwa juu. Hiyo nayo iingie daftarini kabla ya petroli, isisahaulike.

Na mizigo ya kulipia ikifika: usiwe mkoba wa muuzaji. Mteja alipe moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka, wewe usubiri ujumbe wa muuzaji ndipo ukabidhi. Mzigo ufunguliwe na kupigwa picha dukani mbele ya muuzaji. Na mkubaliane mapema nani analipa safari ya kurudi mteja akisema "rangi siyo hii". Mwenzenu alibeba viatu hadi Sinza, vikakataliwa, akavirudisha, muuzaji akamwambia pole. Ile pole iko kwenye daftari, Alhamisi, safu ya mapato, ameiandika kwa herufi kubwa.

Kirikuu bado hakijapata dereva, nimemwomba mwenye duka asubiri hadi Jumatatu, na nimemkumbusha kijana kwamba akikubali huko adai mkataba wa maandishi na makato ya NSSF. Jumamosi saa nne tunakwenda wote kwa tajiri wa Boksa na karatasi mpya: malipo 390, Jumapili haihesabiki, kifungu cha wizi, kadi mezani. Anayetaka kuja kusikiliza aje, ila avae shati, na asiongee kabla yangu.

Babu yenu,
Tabata