Meseji ya chanjo ije siku mbili kabla

Mhariri, mdogo wangu ana mtoto wa miezi 9, Alhamisi asubuhi yuko sokoni anapanga nyanya simu ikaita meseji, leo ni kliniki, chanjo ya surua rubela. Leo hii hii! Kadi iko nyumbani, nauli hana, mpaka auze kidogo arudi amchukue mtoto saa nane na nusu ndo anafika. Nesi akamwambia kwa upole chupa ilifunguliwa saa mbili, ina dozi 10, ikishachanganywa mwisho masaa 6 inamwagwa, na kufungua nyingine kwa mtoto mmoja ni hasara, arudi Alhamisi ijayo. Jamani tumeni hiyo meseji Jumanne, mama ajipange.