Mwanangu, usaili wa Jumanne

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mikindani. Sisi hatujambo. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia mama yako mdogo, wa namna utakavyojieleza Jumanne, ameniwekea nikausikiliza. Mama, maneno yale ni mengi mno. Umeanzia hospitali ya kwanza, ukaja vipimo, ukaja rufaa, mpaka aliyekulaza ukamtaja. Waliokaa pale mezani wanatafuta mhasibu, hawakuja kumjulia mtu hali.

Unajua nimekaa miaka mingi kwenye vyumba vya usaili nikiandika kumbukumbu, kwa hiyo hili nalisema kwa macho yangu. Mtu anaulizwa, "Hapa katikati hukuwa kazini, ulikuwa wapi?" Swali la kawaida kabisa, muulizaji ameona tu tarehe hazijashikana. Msailiwa anaanza kusimulia, sauti inatetemeka, jopo linatoa pole. Ukiangalia saa, muda wa kumuuliza habari za vitabu vya hesabu umekwisha. Pole haina alama kwenye ile karatasi.

Basi sema hivi: "Kuanzia Machi 2024 hadi Februari 2025 nilisimama kazi kwa ajili ya matibabu, sasa yamekamilika na niko tayari kufanya kazi hii kikamilifu." Nukta. Tarehe ziwe zilezile zilizo kwenye wasifu wako, maana wakimpigia bosi wako wa zamani akataja mwezi mwingine, ndipo mashaka yanapoanza. Usiseme ulikuwa unapumzika, watadhani ulichoka kazi. Na hilo la shangazi yako, eti useme ulikuwa na biashara, achana nalo. Watakuuliza biashara gani, mtaji ulitoka wapi, na wewe uongo hukuujua tangu utoto.

Ukishasema, nyamaza. Hapo ndipo ninapokuogopea, maana wewe ukimya huuwezi. Mwenyekiti anaweza kuinama akiandika, ukadhani hajaridhika, ukaongeza kaneno, na kaneno kakazaa swali. Mwache aandike. Au wewe mwenyewe uunganishe na kazi: "Tangu Machi 2025 nimekuwa nikifunga hesabu za kila mwezi za duka la vifaa vya ujenzi." Hilo ni kweli, na huko ndiko unakotaka wakuulize.

Yupo atakayeuliza, "Ulikuwa unaumwa nini?" Wengine hawana nia mbaya, ni mazoea yetu tu, hata kwenye basi mtu huulizwa. Usikunje uso. Mwambie, "Ni mambo yangu ya matibabu, ningependa yabaki kwangu. Kwa kazi hii hakuna linalonizuia." Akirudia, rudia vilevile, kwa sauti ileile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo kama ulemavu, ujauzito na VVU, hata kwa anayeomba kazi, ila usiende kuisoma pale ndani. Utaonekana umekuja kushitaki.

Tofautisha na fomu ya daktari. Wakikuchukua, huenda wakakutuma kupimwa afya. Daktari ukimficha unajiumiza mwenyewe, mweleze yote. Mwajiri anachohitaji ni jibu kwamba unafaa kwa kazi, habari za ndani zibaki huko kwa daktari. Na kama bado kuna kliniki ya kwenda, ile "yamekamilika" itoe, useme tu, "hali yangu inaniruhusu kufanya kazi hii kikamilifu." Ruhusa ya siku ya kliniki utaiomba ukishapewa barua ya ajira, siyo Jumanne.

Nakusisitizia tena, sentensi moja. Hapa mtaani walijua mambo yako mapema, na unajua walijuaje, sina haja ya kurefusha. Huko Dar hawajui, na si lazima wajue. Alama zako za uhasibu nilizionesha mpaka msikitini, hizo zitangaze utakavyo.

Baba yako yuko Nanyamba, anapuliza salfa kwenye mikorosho. Nimemwambia avae barakoa, anasema inamkaba. Mpigie wewe, yako huisikia. Mabati ya jiko la nje yanavuja, tunangoja fedha za mnada wa Oktoba, kwa hiyo usitume chochote mpaka upate mshahara wa kwanza. Korosho za kubangua na mihogo mikavu nimempa konda wa basi la asubuhi, kifurushi kina kamba nyekundu. Kakichukue mapema, mara ya mwisho ulichelewa tukalipishwa stoo.

Usaili ukiisha piga kwa namba ya baba yako, simu yangu iko kwa fundi.

Mama yako