Barua ya wazi kwa Afisa Madini: tuanze na maji, barakoa ifuate

Kwako Ndugu Afisa Madini Mkazi,

Yah: Swali la vumbi kwenye fomu ya ukaguzi wa maduara

Salaam. Mimi ni mchorongaji wa zamani. Nimeshika jakihama nikitoboa mwamba miaka 11 kwenye machimbo ya dhahabu huku Kanda ya Ziwa, na sasa nasimamia karasha mbili za kusagia mawe. Nimekuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wenye leseni, wenye maduara na vijana wanaoshuka chini, nami nataka wote walisome.

Majuzi wakaguzi walipita kwetu na fomu. Kwenye vumbi palikuwa na swali moja tu: wafanyakazi wana barakoa? Msimamizi akafungua boksi, akaonesha barakoa za karatasi za bluu, zilezile tulizozizoea wakati wa korona. Ikawekwa tiki, wakahamia duara linalofuata. Jioni kijana mmoja akapanda kutoka chini, mweupe hadi kope kama ametoka kusaga dona. Barakoa yake ilikuwa imelowa jasho na kushuka kidevuni. Alipoivua kabisa nikaona michirizi miwili ya vumbi, mmoja kila upande wa pua, pale hewa ilipokuwa ikipita pembeni ya karatasi siku nzima.

Wataalamu wa usalama kazini huzipanga njia za kupambana na hatari kama hii kwa ngazi tano. Ya juu kabisa ni kuiondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, unabadilisha kitu au namna ya kazi inayoileta. Ikibaki, unaizuia kwa mitambo, maji na hewa. Chini ya hapo zinakuja taratibu za kazi, yaani saa, zamu na mafunzo. Vifaa vya kujikinga mwilini vinakaa mwisho. Mpangilio huo una sababu yake: ngazi za juu zinafanya kazi hata mtu akisahau, akichoka au akiwa na ndevu. Barakoa inadai kila mtu asikosee hata dakika moja. Fomu yetu imeanzia ngazi ya mwisho na kuishia hapohapo.

Naomba tupige hesabu pamoja. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa vumbi la silika katika machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania. Chini ya ardhi, kwenye kuchoronga, wastani ulikuwa miligramu 16.85 za silika laini, ile inayofika ndani kabisa ya mapafu, katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya utafiti ya Marekani, inashauri kisivukwe ni miligramu 0.05. Hiyo ni zaidi ya mara 330.

Sasa tumpe mchorongaji barakoa nzuri kweli, N95 au ile ya mpira yenye vichujio viwili, iliyopimwa usoni pake na kumkaa sawasawa, kidevu kimenyolewa. Aina hizo huhesabiwa kupunguza vumbi mara 10. Bado anavuta miligramu 1.7, zaidi ya mara 30 ya kiwango. Zile za bluu hata kwenye hesabu haziingii, hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tiki iliyowekwa siku ile, hata kama boksi lingekuwa na barakoa bora duniani, ilikuwa inamwambia kijana yule yuko salama wakati hayuko.

Kuondoa vumbi lote hatuwezi, kwa kuwa dhahabu yetu imelala kwenye jiwe jeupe la kwatzi, na kwatzi ndiyo silika yenyewe. Kuna sehemu tunayoweza kuiondoa, hata hivyo. Maduara mengi huchoronga na kuvunja ubavu mpana wa mwamba usio na kitu, halafu mawe hayo yanapandishwa, yanabebwa kwenye viroba na kuingizwa karashani pamoja na ya mshipa. Kila jiwe tupu linaloachwa lilipo au kutupwa nje kwenye uchambuzi ni vumbi ambalo halitazaliwa. Wenye karasha wenzangu hawatanipenda kwa kusema hivi, maana tunalipwa kwa kiroba.

Ngazi inayoamua mambo kule chini ni ya maji. Chuma cha kuchorongea kina tundu katikati toka kiwandani. Kwenye uchorongaji mkavu, upepo wa kompresa unapita kwenye tundu hilo, unafika kwenye biti na kuutimua unga nje ya shimo, usoni kwa mchorongaji. Kwenye uchorongaji wa maji, kijibomba chembamba tunachokiita sindano kinapita ndani ya jakihama na kuingiza maji kwenye tundu hilohilo. Unga unalowa pale unapozaliwa na kutoka kama uji. Vipimo vya njia hii vimeonesha vumbi kupungua kwa asilimia 86 hadi 97. Kumwagia maji mdomoni mwa shimo kwa ndoo kunasaidia kidogo tu, kwa sababu unga laini umeshapaa kabla maji hayajaugusa.

Wenye maduara watasema hakuna pampu. Kwa duara la mita 30 pampu haihitajiki. Weka pipa la lita 200 juu mdomoni, teremsha mpira wa maji hadi chini, na uzito wa maji yenyewe utakupa mgandamizo wa karibu baa 3. Jambo la kuangalia ni kwamba mgandamizo wa maji uwe chini kidogo ya ule wa upepo. Ukizidi, maji yanarudi ndani ya mashine, yanaosha oili na jakihama inakufa. Nimeona mashine mbili zikiharibika hivyo, na wenyewe wakaapa kutogusa maji tena. Duara likienda chini zaidi ya mita 40 au 50, weka pipa la pili katikati ya njia ili kukata mgandamizo.

Kuna makosa ambayo mkaguzi anaweza kuyaona akishuka. La kwanza ni kuanza shimo kavu na kufungulia maji baadaye. Mwanzo wa shimo ndipo vumbi linatimka kuliko wakati wowote, kwa hiyo maji yafunguliwe kabla biti haijagusa mwamba. La pili ni sindano iliyoziba. Inajulikana haraka: uji unakuwa mzito, kisha unga mkavu unaanza kukaa kwenye mdomo wa shimo. La tatu ni kutumia maji ya mwaloni yaliyokwisha kuoshea zebaki, ambayo hayafai kabisa kurushwa hewani mbele ya pua ya mtu. Na la nne ni nyaya za umeme zenye viungo wazi. Ukileta maji chini bila kurekebisha nyaya umebadilisha kifo kimoja kwa kingine.

Macho yasiaminiwe. Lile vumbi zito unaloliona huanguka upesi, lakini chembe ya maikroni 1 huchukua kama saa 3 kushuka mita moja kwenye hewa iliyotulia, na hiyo huioni kwa mwanga wa kawaida. Zimeni taa zote mbaki na moja, mtu aielekeze mbele na wewe usimame pembeni ya mwanga wake. Mahali ulipodhani pasafi utaona hewa inameta. Mwanga huo hauchukui nafasi ya kipimo cha pampu na kichujio, ila unatosha kumaliza ubishi na msimamizi.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme maji yamefanya kazi kwa kiwango cha juu kabisa, asilimia 97. Zile miligramu 16.85 zinabaki kama 0.5, bado mara 10 ya kiwango. Hapo ndipo barakoa nzuri inayopunguza mara 10 inapomfikisha mtu kwenye 0.05. Maji yakifanya vibaya kidogo, anazidi, na ndiyo maana hewa safi ya kupulizwa chini kwa feni na mfuko haiepukiki. Naitetea barakoa kwa hesabu hii, lakini ina maana baada ya maji na hewa, si badala yake.

Kwenye karasha habari ni njema zaidi. Utafiti uleule ulikuta wastani wa 0.19 kwenye kazi za juu ya ardhi, karibu mara 4 ya kiwango. Kaskazini mwa Naijeria, kwenye machimbo madogo yaliyokuwa na risasi mwambani, kunyunyizia maji wakati wa kuponda na kusaga kulipunguza silika hewani kwa asilimia 80. Tukipata punguzo kama hilo hapa, 0.19 inakuwa chini ya 0.04. Huo ni wastani na kila mwalo una yake, lakini unaonesha kwamba juu ya ardhi maji yanaweza kutosha bila kumtegemea mtu na barakoa yake. Karasha yangu moja nimeihamishia kwenye usagaji wa maji. Ile nyingine bado ni kavu kwa sababu wateja wanataka kubeba unga wao mkavu kwenye kiroba. Hapo nimekwama, na bila agizo linalotubana wote kwa pamoja, nikiibadilisha peke yangu wataenda kwa jirani. Mama lishe nao wako mita chache upande unakoelekea upepo. Kuwahamisha ni kazi ya nusu siku.

Kuhusu taratibu nina machache. Kulipua mwisho wa zamu na kuacha hewa itoke usiku kunasaidia kweli. Kuzungusha vijana zamu kwa zamu hakupunguzi vumbi hata chembe, kunaligawa tu kwa vifua vingi zaidi, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hili, ikishaingia haina tiba, tena inamfungulia mtu mlango wa kifua kikuu.

Ombi langu ni dogo. Lile swali la barakoa liwe la mwisho kwenye fomu. Kabla yake mkaguzi aulize na kushuka kuona: jakihama ina sindano ya maji? Pipa liko wapi na lina maji? Feni inafika hadi mwisho wa njia? Karasha inasaga kavu au kwa maji, na nani anakaa upande wa upepo? Jakihama nyingine hazikubali kufungwa sindano, kwa hiyo wenye maduara wapewe muda wa kubadilisha, tarehe iandikwe kwenye fomu, na mkaguzi akirudi aanze na tarehe hiyo.

Ukija mwenyewe, fika kabla ya kompresa kuwashwa, nikuoneshe hewa ya asubuhi kwanza kwa tochi. Viatu vya mpira ninavyo jozi ya ziada.

Wako katika kazi,
Mchorongaji wa zamani, msimamizi wa karasha