Zimefutwa na nani?

Mwajuma shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wewe sijui, maana tangu Jumanne kimya. Bakari kaniambia umenuna: uliniomba nije kukusaidia kuhama, nikakujibu, "Suala hilo nitalifanyia kazi."

Shoga, niliposoma tena ule ujumbe nilijionea aibu. Ndiyo kwanza nilikuwa natoka kikaoni, na huko yalinikuta. Nilifuta takwimu za mwezi mzima, mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Sasa kikaoni nani anasema "nimefuta"? Nikasimama: "Ningependa kuwajulisha kuwa baadhi ya takwimu zimefutwa." Nikadhani nimejificha vizuri. Mwenyekiti akauliza taratibu, "Zimefutwa na nani?"

Nikaduwaa. Kumbe "zimefutwa" ina mtu ndani yake hata usipomtaja, na anayetaka kumjua anaongeza tu "na nani". Ningesema "zimefutika" asingepata pa kushikia, maana "zimefutika na nani" haisemeki. Ni kama zimejifuta zenyewe. Rehema ni fundi wa hayo. Kikao cha nyuma alisema "mashine imeharibika", akakaa zake, na sote tunajua nani aliiharibu.

Mimi nikababaika, na nikibabaika lugha yetu inatoka yenyewe: "Mimi sifutagi vitu hovyo!" Hiyo "gi"! Sisi kwa sisi ni naendaga, sipendagi, hakuna anayeshtuka. Kule unatakiwa useme "huwa sifuti". Watu wakacheka mpaka basi. Lakini cha ajabu, mwenyekiti naye akalainika, akaniuliza ilikuwaje. Nikaeleza kwa "mimi", "mimi", na kabla ya saa sita tulishazirudisha kutoka kwenye nakala ya wiki iliyopita. Zile "imebainika" na "imeonekana" zangu zote hazikunisaidia kitu.

Ndipo ujumbe wako ukaingia, miguu iko nje ya ukumbi, mdomo bado uko kikaoni. Na hilo "nitalifanyia kazi", sikudanganyi, kule mara nyingi ndivyo mtu anavyokataa bila kukataa. Ulielewa sawasawa, siwezi hata kukulaumu. Ila mimi sikuwa nakataa! Kwa lugha yetu jibu lilikuwa neno moja: nakuja.

Sasa niambie, unahama lini hasa? Au umeshahama bila mimi? Lile kabati nani atalibeba, Bakari na mgongo wake ule? Nije asubuhi au mpaka jua lipungue? Na bado umenuna, au nipige simu?

Wako,
Zuhura

Halafu nilisahau: kile kioo chako nilichokuwa nakutunzia kimevunjika.